Siku sita za kufuata nuru: pwani, bondeni, na saa sita za jua kali katikati

Simulizi hii imeunganishwa baada ya kurudi, kutokana na daftari la safari na saa zilizohifadhiwa ndani ya picha zenyewe. Ilikuwa safari ya siku sita mwishoni mwa Machi, siku za mlingano wa usiku na mchana, karibu kabisa na mstari wa ikweta. Tulilala mara tatu kwenye ufuko unaotazama mashariki, kisha mara mbili kwenye bonde lenye ziwa lililozungukwa na vilima.

Ratiba haikuanza na orodha ya mahali pa kwenda. Ilianza na saa. Pale tulipokuwa jua lilichomoza saa 12:20 asubuhi na kuzama saa 12:27 jioni. Wapiga picha wengi huita saa ya dhahabu ule muda ambao jua liko kati ya nyuzi 6 juu ya upeo wa macho na nyuzi 4 chini yake. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kwa kila dakika 4, na karibu na ikweta siku hizo jua hupanda na kushuka wima, bila kulalia upande. Kwa hiyo nyuzi hizo 10 humalizika kwa dakika 40 tu: asubuhi kuanzia saa 12:07 hadi 12:47, jioni kuanzia saa 12:00 hadi 12:40. Inaitwa saa, lakini huku haifiki saa.

Upande wa pili wa hesabu ni mchana. Jua likivuka nyuzi 45, kivuli cha mtu huwa kifupi kuliko yeye mwenyewe, macho huzama kwenye giza la paji la uso na mchanga mweupe hupoteza mikunjo yake. Kwetu hilo lilitokea kuanzia saa 3:23 asubuhi hadi saa 9:23 alasiri. Saa sita kamili. Basi kila kitu kisichohitaji nuru nzuri, kama barabara, usingizi, kula, kuchaji betri na kwenda kukagua mahali, kilipangwa humo kwanza, kabla hata ya kuchagua nyumba ya kulala.

Siku ya 1: barabarani, kisha ufukoni

Tuliondoka saa 3 asubuhi na kufika saa 8 mchana. Barabara ilikuwa ndefu na haina la kusimulia. Saa hizo zingepotea hata hivyo, na ndiyo maana ya kusafiri mchana: ukihama alfajiri umetoa kafara dakika 40 za asubuhi, ukihama saa 10 jioni umehatarisha zile za jioni, kwa sababu gurudumu moja likipasuka unafika giza limeshaingia.

Kuanzia saa 9 hadi saa 11 kazi ilikuwa kukagua ufuko kwa miguu bila kupiga picha za maana. Siku za mlingano jua huchomoza mashariki kamili, nyuzi 90 kwenye dira, mahali popote duniani, kwa hiyo ilikuwa rahisi kusimama na dira na kuona lingetokea nyuma ya ngalawa zipi. Miezi mingine haliko hapo: karibu na ikweta, mwishoni mwa Juni hutokea kama nyuzi 23 kaskazini ya mashariki, na mwishoni mwa Desemba kama nyuzi 23 kusini yake. Picha ya mtandaoni inayoonyesha jua likitoka katikati ya miamba miwili inaweza kuwa ya mwezi mmoja tu wa mwaka. Programu ya PhotoPills huchora mstari huo juu ya ramani kwa tarehe yoyote, na inafaa kuukagua kabla ya kulipia chumba.

Jioni jua huzama nyuma ya nchi kavu, kwa hiyo kwenye ufuko wa mashariki hulipigi picha lenyewe. Unaligeuzia mgongo, na ngalawa zilizo majini zinapokea nuru usoni. Wengi hukunja virago jua linapozama. Sisi tulikaa hadi saa 12:48, jua likiwa nyuzi 6 chini, anga ikiwa buluu nzito na taa za pwani zikilingana nayo kwa ukali. Huo ni muda wa tripodi: usikivu wa ISO 100, tundu la lenzi la f/8, na kilango cha kamera kilichoanza kwa kufunguka nusu sekunde kikafika sekunde 15.

Kwa atakayefuata: chumba cha bei nafuu kilicho mbali hukulazimisha safari nne kwa siku, kwenda na kurudi alfajiri, kwenda na kurudi jioni. Piga hesabu ya nauli hizo nne pamoja na chumba ndipo ulinganishe. Na kabla ya kulala, agiza kifungua kinywa cha kufungiwa. Jiko likianza kazi saa 1 asubuhi, nuru imeshakwisha.

Siku ya 2: maji kupwa na ukuta wa mawingu

Tarehe za pwani zilichaguliwa kwa meza ya maji. Kupwa na kujaa huchelewa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo siku ukizipanga vizuri, maji makavu hukutana na macheo kwa asubuhi mbili au tatu mfululizo, na ukizipanga vibaya, bahari imejaa hadi kwenye kuta kila asubuhi ya likizo. Siku hii maji yalikupwa kabisa saa 11:50 alfajiri, nusu saa kabla ya jua. Madimbwi yalibaki kwenye mchanga, na kila dimbwi likawa kioo cha anga.

Kamera zililala ndani ya begi kwenye veranda. Ukitoka na lenzi kutoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye hewa nzito ya pwani, kioo hufanya ukungu papo hapo, na kuufuta hakusaidii kwa sababu hurudi hadi lenzi ipate joto la nje. Yaweza kuchukua nusu saa, na nusu saa ni karibu asubuhi nzima ya nuru.

Saa 11:55 tulikuwa tumeshatega tripodi kwenye ulimi wa mchanga. Mvuvi mmoja aliyekuwa anarudi na dema zake alisimama, akasalimia, akauliza tunangoja nini. Alipoambiwa, alinyoosha mkono nyuma yetu. "Jua mtalipata, wanangu, lakini angalieni huo mkondo. Bahari haijai kutoka mbele tu. Huanza kupita huko nyuma, nyinyi mnatazama mashariki." Akachomeka kijiti kwenye ukingo wa maji: kikizungukwa, ondokeni. Kilizungukwa saa 12:50, na tulivuka maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

Jua lenyewe halikuonekana saa 12:20. Ukuta wa mawingu mazito ulikaa juu ya upeo wa macho, na kwa ngumi iliyonyooshwa mbele ya uso tuliona urefu wake haujafika nusu ya ngumi. Ngumi moja kwa mkono ulionyooka ni takriban nyuzi 10, hivyo ukuta ule ulikuwa nyuzi 4 hivi. Nyuzi 4 ni dakika 16, na kama tatu zaidi kwa kuwa saa ya macheo huhesabu ukingo wa juu wa jua, kitovu chake kikiwa bado karibu nyuzi 1 chini. Kulikuwa na sababu ya kungoja, kwani jua lingetoka juu ya ukuta likiwa bado chini ya nyuzi 6. Lilitoka saa 12:39 na kutupa dakika 8 za nuru ya dhahabu. Ukuta ungefika ngumi nzima, tungegeuza kamera upande wa pili na kufanya kazi na nuru laini ya mawingu, badala ya kungoja kitu ambacho kingefika kikiwa kimeshapauka.

Mchana wa siku hii ulikuwa na kazi yake. Maji ya kina kifupi huonyesha rangi zake jua likiwa juu, kwa sababu miale hushuka wima hadi kwenye mchanga mweupe na kurudi. Asubuhi na jioni miale mingi huteleza juu ya maji, nawe unaona mng'ao wa anga tu. Saa 6 maji yakiwa yamejaa, tulipanda juu ya ukuta wa gati na filta ya polaraiza. Filta hiyo huondoa mng'ao wa maji vizuri zaidi kamera ikielekezwa chini kwa takriban nyuzi 37 kutoka usawa wa maji. Ukiizungusha unaona miamba ikijitokeza, ukipitiliza inafichika tena. Baada ya dakika 30 kazi ilikuwa imekwisha, tukarudi kulala.

Siku ya 3: mvua

Utabiri ulisema mvua siku nzima. Maneno hayo peke yake hayamsaidii mpiga picha. Kinachosaidia ni mambo mawili: mawingu yako kimo gani, na mwisho wa mvua uko upande gani. Windy na programu nyingine za hali ya hewa hutenganisha mawingu ya chini, ya kati na ya juu, na kila tabaka lina maana yake. Mawingu ya juu peke yake ni heri, kwani ndiyo yanayoshika rangi. Ya chini yakijaza anga hadi kwenye upeo wa macho, hakuna rangi itakayopita.

Asubuhi haikuwa na kitu, na saa za mchana zikawa ndefu kuliko kawaida, ila kwa njia nzuri. Anga ikiwa na mawingu mazito, lile pengo la saa sita hujifunga lenyewe: nuru ni laini saa zote. Tulihamisha kazi ya kivuli kuja siku hii. Kwenye banda la kuunda vyombo, fundi alituruhusu kukaa karibu na mlango saa 5 hadi saa 7. Mlango mpana bila jua la moja kwa moja ni taa kubwa laini. Mtu akisimama hatua mbili ndani, uso ukielekea nje, nuru humwangukia kwa upole na ukuta wa nyuma huingia gizani wenyewe. Hatua mbili nyingine ndani, nuru hupungua sana na rangi ya ngozi huanza kuchukua rangi ya mbao. Kwa hiyo alama ya kusimama tuliichora chini kwa chaki, na fundi akaendelea kupiga randa hapo hapo.

Saa 9 picha ya setilaiti ilionyesha mwisho wa mawingu ukisogea kutoka magharibi. Hapa ndipo wengi hutazama vibaya, kwa kuangalia anga ya juu ya kichwa tu. Nuru inayopaka rangi mawingu jioni hupita chini yake ikitokea mbali. Kwa wingu lililo kilomita 8 juu, mwale wa mwisho hugusa ardhi umbali wa karibu kilomita 300 magharibi. Kwa wingu la kilomita 2, karibu kilomita 160. Swali la jioni, basi, ni kama kuna uwazi huko mbali. Siku hiyo ulikuwepo.

Mvua ilikatika saa 11:20. Rangi haikuja jua lilipozama. Ilikuja baadaye, kutoka chini kwenda juu, na mawingu ya juu yakawa mekundu hadi dakika 11 hivi baada ya machweo. Kikundi cha vijana waliokuwa ufukoni walishaondoka saa 12:30, wakidhani yamekwisha.

Siku ya 4: kuhama

Asubuhi ya tatu pwani ilikuwa safi, na picha tuliyoikosa siku ya tatu ilipatikana. Hii ndiyo sababu ya kulala mara tatu mahali pamoja. Ikiwa asubuhi moja kati ya mbili huwa nzuri, ukipata asubuhi moja tu una nusu ya uwezekano, mbili zinakupa robo tatu, tatu zinakupa saba kwa nane. Uwezekano halisi huwa chini kidogo ya hapo, maana hali ya hewa hukaa siku mbili tatu bila kugeuka. Lakini kugusa vituo vitano kwa siku sita kunakupa nafasi moja kwa kila kituo, na nafasi hizo huwezi kuzihamisha.

Tuliondoka saa 3:30 asubuhi. Barabara ya milimani ilikuwa na tope baada ya mvua, lori limekwama kwenye kona, tukakaa hapo saa mbili unusu. Dereva wa basi dogo la nyuma yetu aligawa mahindi ya kuchoma kwa foleni nzima. Ratiba ilikuwa na saa tatu za akiba katikati ya mchana, kwa hiyo ucheleweshaji ule haukula jioni. Tulifika saa 10:15.

Siku ya 5: bonde, na jua linalochelewa

Saa za macheo zinazoonyeshwa kwenye simu huchukulia upeo wa macho ulionyooka kama bahari. Bondeni hakuna upeo kama huo. Mashariki ya ziwa palikuwa na ukingo wa vilima uliopanda mita 400 juu ya maji, umbali wa kilomita 3. Ramani yenye mistari ya kimo inatosha kufanya hesabu hii nyumbani:

```
arctan(400 / 3000) = 7.6
7.6 x 4 = dakika 30
```

Jua lilihitaji kupanda nyuzi 7.6 kabla ya kugusa maji, na ukiongeza zile dakika tatu za macheo, lingeyagusa karibu saa 12:53. Wakati huo limeshapita nyuzi 6. Maana yake ziwa lile, kutoka ukingoni, halina nuru ya dhahabu ya moja kwa moja asubuhi hata siku moja mwezi huo. Hakuna kungoja kutakakoliondoa hilo.

Dawa ni kugeuka. Jua linapochomoza nyuma ya ukingo wa mashariki, vilele vya magharibi vinalipata kwanza, na mpaka wa nuru hushuka taratibu kuja bondeni. Tulisimama upande wa mashariki wa ziwa tukitazama magharibi. Saa 12:24 vilele vilikuwa vya rangi ya chungwa, na chini ziwa lilikuwa bado la buluu. Jioni ni kinyume chake: nuru hupanda mteremko wa mashariki, na ukitaka iwe nawe hadi mwisho huna budi kupanda nayo.

Tofauti ya ukali kati ya kilele na bonde ilikuwa kubwa kuliko kamera inavyoweza kubeba kwa picha moja. Tulipiga tatu kwenye tripodi, moja ya katikati, nyingine stopu mbili chini, yaani robo ya nuru, nyingine stopu mbili juu, yaani nuru mara nne, kisha tukaziunganisha. Dalili ya kuhitaji hivyo iko kwenye histogramu, ule mchoro wa kamera unaoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga: ikigusa kingo zote mbili kwa pamoja, picha moja haitoshi.

Mlinzi wa lango la njia ya kilimani ndiye aliyeiwezesha asubuhi hiyo. Lango hufunguliwa rasmi saa 12:30. Jioni iliyotangulia alisikiliza, akaandika majina kwenye kitabu chake, na saa 11:30 alikuwa amesimama pale na tochi, akakataa hata asante ya chai. Usitegemee bahati hiyo. Uliza saa ya lango kabla ya kulipia chumba, kwa sababu lango linalofunguliwa baada ya macheo hufuta asubuhi zako zote za mahali hapo, nawe huna la kufanya.

Mchana tulinakili kadi zote kwenye diski mbili, moja ikakaa kwenye begi la kamera na nyingine kwenye begi la nguo. Tukalala saa mbili. Usingizi huo ni sehemu ya ratiba: anayeamka saa 10:45 usiku na kurudi chumbani saa 1:30 jioni hawezi kwenda siku sita bila kuugawa mara mbili.

Siku ya 6: ukungu

Usiku wa tano dalili zilikusanyika. Mvua ya alasiri ilikuwa imelowesha ardhi, anga ikasafika saa 2 usiku, upepo ukatulia, na halijoto iliyotabiriwa kwa alfajiri ilikuwa ndani ya nyuzi 2 za Selisiasi juu ya kiwango cha umande, yaani halijoto ambayo umande huanza kutokea. Vinne hivyo vikikutana bondeni, kuna matumaini makubwa ya ukungu. Upepo ukibaki, hewa huchanganyika na ukungu haushiki. Mawingu yakirudi usiku, ardhi haipoi vya kutosha.

Saa 11:40 bonde lote lilikuwa limejaa. Kutoka ukingoni mwa ziwa huoni hata maji, kwa hiyo kimo ndicho kinachoamua. Tulipanda kama mita 120 na kutoka juu ya ukungu, miti mirefu ikichomoza vichwa. Tulitumia lenzi ya milimita 200, maana lenzi pana huuonyesha ukungu kama utando mwembamba usio na umbo. Kamera hudhani weupe ule ni mwanga mwingi na kuutia kijivu, basi tuliongeza stopu moja kwa mkono. Jua lilipougusa saa 12:55 halikuwa la dhahabu tena, lakini lilipita kati ya miti kwa vishada vya miale, na saa 1:40 ukungu ulikuwa umekatika vipande.

Tuliondoka saa 4, tukafika nyumbani jioni.

Atakayeichukua ratiba hii kwenda mbali na ikweta abadilishe namba, aache mpango. Huko jua hushuka likilalia upande, hivyo siku za mlingano zile nyuzi 10 huchukua takriban dakika 57 kwenye latitudo ya 45, na dakika 80 kwenye ya 60. Kiangazi cha kaskazini ya mbali macheo huja mapema mno na machweo huchelewa, usiku hautoshi kulala, na saa za mchana zinakuwa za usingizi kwanza kabla ya kitu kingine. Majira ya baridi, latitudo ya 60, jua la adhuhuri mwishoni mwa Desemba halipandi zaidi ya nyuzi 7 hivi. Pengo la mchana halipo, na kinachobaki kupangwa ni baridi, betri, na barabara zenye barafu.